Mali ya Kuuza au Kurudisha: Siku ya Mwisho Ndiyo Roho ya Mapatano



Ndugu Waislamu, katika masoko yetu kuna muamala uliozoeleka mno hata watu hawaoni haja ya kuuulizia hukumu yake. Mfanyabiashara wa jumla hupeleka mzigo kwa mwenye duka bila ya kulipwa chochote. Mwenye duka huuza, hulipa thamani ya kilichouzwa, na kilichobaki hukirudisha muda unapokwisha. Ndivyo yanavyouzwa magazeti, ndivyo vinavyouzwa vitabu vingi, na ndivyo zinavyosambazwa kanzu, kofia na mabuibui kila Ramadhani inapokaribia. Wengine huuita muamala huu mali kauli, ingawa mali kauli kwa kawaida ni deni la bei yote, na hapa tunazungumzia mali ambayo isipouzwa inarudi.

Kwa sura ya nje hakuna jambo jepesi kuliko hili. Lakini waulizeni wazee wanaopatanisha wafanyabiashara baada ya Sikukuu, watawaambieni kwamba mashauri mengi wanayoletewa yanatoka hapa hapa. Mmoja anasema, "Hizo ni mali zako, njoo uzichukue." Mwenzake anajibu, "Muda umepita, hizo umeshanunua, nilipe." Kila mmoja anaapa kwamba mwenzake amemdhulumu, na mara nyingi wote wawili ni wakweli katika wanavyoamini, kwa sababu hawakuelewana tangu mwanzo ni mkataba gani waliofunga.

Rai yetu katika makala haya ni moja. Wenye kupelekeana mali kwa njia hii na wachague wazi kwamba mwenye duka ni wakala, si mnunuzi, kisha waandike siku ya mwisho kabla mzigo haujatoka ghalani. Bila ya mambo haya mawili, muamala huu hugeuka mikononi mwao ukawa kitu kingine wasichokikusudia.

Mikataba miwili ndani ya neno moja

Mtu akisema, "Chukua, uza, kisichouzwa rudisha," maneno yake yanabeba maana mbili zilizo mbali.

Maana ya kwanza ni uwakala. Mali inabaki kuwa ya aliyeileta mpaka itakapoingia mkononi mwa mteja. Mwenye duka anauza kwa niaba ya mwenyewe, na mali iliyo rafuni kwake ni amana. Ikiungua kwa moto ambao hakuusababisha wala hakuuzembea, hasara ni ya mwenye mali. Akizembea au akivunja sharti, analipa.

Maana ya pili ni mauzo. Mwenye duka amenunua mzigo wote, ila amepewa nafasi ya kurudisha asichotaka. Hapa ndipo penye utata. Mafakihi wamezungumzia hiari ya sharti, yaani mnunuzi kujiwekea muda wa kukubali au kurudisha. Madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tumelelewa ndani yake, hayaruhusu hiari hiyo kuzidi siku 3, na Imamu Abu Hanifa ana kauli kama hiyo. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, pamoja na Mahanbali, wanaruhusu muda mrefu zaidi maadamu unajulikana. Wamaliki wanaupima kwa aina ya bidhaa na haja yake. Basi miezi miwili ya mauzo ya kanzu haiwezi kuingia katika siku 3 za Imamu Shafii, na muda usiotajwa kabisa hauingii hata katika kauli ya wale waliopanua.

Tena kuna tatizo jingine ambalo ni kubwa kuliko urefu wa muda. Katika hiari ya sharti mnunuzi anaamua kwa kutazama bidhaa, ama anaitaka ama haitaki. Katika muamala wetu hatazami bidhaa, anatazama wateja. Yeye na muuzaji hawajui siku ya kufunga mkataba kama kilichouzwa ni vipande 10 au 100. Al-Hajjawi, mwanachuoni wa Kihanbali aliyefariki mwaka 968 Hijria, amelitaja suala hili katika muhtasari wake mashuhuri, Zad al-Mustaqni. Amelieleza sharti la mnunuzi kwamba bidhaa ikitoka basi, isipotoka atairudisha, akalihukumu kuwa sharti batili, na mauzo yenyewe yakabaki palepale. Tazama uzito wa hukumu hiyo kwa mwenye duka. Aliyedhani kwamba ana haki ya kurudisha anajikuta amenunua mzigo mzima na haki ya kurudisha hana.

Mlango uliobaki wazi, usio na mizozo hii, ni ule wa uwakala. Swali pekee la kujibu ni ujira wa wakala. Akitajiwa kiasi maalumu kwa kila kipande, hakuna tatizo. Na akiambiwa, "Niletee 25,000 kwa kila kanzu, kitakachozidi ni chako," basi Imamu Bukhari amenukuu kutoka kwa Ibn Abbas na Ibn Sirin kwamba hawakuona ubaya katika mapatano ya namna hiyo, na ndiyo kauli ya Imamu Ahmad. Wapo waliolipinga kwa kuwa ujira haujulikani. Anayetaka kujitoa katika hitilafu na ataje ujira kwa shilingi.

Sheria ya nchi inasemaje

Msidhani kwamba mahakama itawangojea mkubaliane. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, na ile ya Kenya, Sura ya 31, zote zimefuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, nayo ina kanuni mahsusi kwa mali iliyotolewa kwa sharti la kuuza au kurudisha. Kama wahusika hawakuonyesha nia nyingine, umiliki unahamia kwa mpokeaji katika hali mbili. Ya kwanza ni pale anapokubali, au anapofanya kitendo cha mtu aliyekwisha kuifanya mali kuwa yake. Ya pili ni pale anapokaa nayo bila ya kutoa taarifa ya kuikataa mpaka muda uliowekwa ukapita. Kama hakuna muda uliowekwa, sheria inaangalia muda wa kiasi, na anayeamua kiasi hicho ni hakimu, kwa kutazama hali ya kila shauri.

Mashauri ya zamani ya Uingereza yanaionyesha kanuni hii vizuri. Mwaka 1880, katika shauri la Elphick dhidi ya Barnes, farasi alitolewa kwa siku 8 kwa sharti la kununua au kurudisha. Siku ya 3 farasi akafa pasipo kosa la aliyempokea. Mahakama ikasema muda ulikuwa haujaisha, farasi bado ni wa mwenyewe, na bei haidaiwi.

Mwaka 1897, katika shauri la Kirkham dhidi ya Attenborough, sonara alitoa mapambo kwa mtu kwa sharti hilo hilo. Mtu yule akaenda kuyaweka rehani. Mahakama ikaona kwamba kuweka rehani ni kitendo cha mwenye mali, hivyo umiliki ulikuwa umeshahamia kwake, na sonara hakuweza kuvirejesha vitu vyake kutoka kwa mwenye duka la rehani. Alibaki na deni tu la kumdai aliyemwamini. Lakini mwaka 1906, katika shauri la Weiner dhidi ya Gill, sonara mwingine alikuwa ameandika katika hati yake kwamba mapambo yatabaki kuwa yake mpaka yalipiwe au yaandikwe kuwa deni. Mapambo yake nayo yakawekwa rehani, na safari hii mwenye mali akashinda. Tofauti ya masonara hawa wawili ilikuwa ni maneno machache katika karatasi.

La mwisho ni la muda. Mwezi wa Agosti 1960 gari liliachwa kwa muuza magari kwa sharti la kuuza au kurudisha, bila ya siku ya mwisho. Likadaiwa zaidi ya mara moja, halikurudi mpaka Novemba, na liliporudi lilikuwa limeharibika. Mahakama, katika uamuzi wa mwaka 1962, ikasema muda wa kiasi ulikwisha zamani, gari limeshakuwa la aliyelishika, na alipe bei.

Tunayataja haya si kwa kuwa mahakama za Uingereza ndizo marejeo yetu ya dini, bali kwa sababu kanuni hii ndiyo itakayotumika kwako, ewe mwenye duka wa Tanga au Mombasa, iwapo karatasi yako imekaa kimya. Na katika Aya ya 282 ya Surat al-Baqara tumeamrishwa kuandika deni la muda maalumu. Muamala huu unazaa deni kila kipande kinapouzwa, basi una haja ya kalamu tangu siku ya kwanza.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa kanzu. Mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo anapeleka kanzu 120 kwa mwenye duka wa Morogoro tarehe 1 Shaabani. Kila kanzu imemgharimu shilingi 18,000. Wamekubaliana kwamba mwenye duka ni wakala, atauza kwa 30,000, atawasilisha 25,000 na 5,000 ni ujira wake. Siku ya mwisho ni tarehe 7 Shawwali. Siku hiyo watahesabu pamoja, na kisichouzwa kitarudi na gari la siku ya pili yake, nauli juu ya mwenye mali. Kanzu zikae ndani ya duka na ndani ya mifuko yake. Isiyoonekana siku ya hesabu itachukuliwa kuwa imeuzwa. Haya yote yameandikwa katika hati ya kukabidhi mali yenye nakala mbili, na kila kanzu ina alama ya mwenyewe upande wa ndani.

Siku ya hesabu ikafika. Kanzu 34 ziko salama. Nyingine 4 zilining'inizwa nje kuvutia wateja, zikaingia vumbi na moshi wa magari mpaka zikapata madoa. Daftari la duka linaonyesha kanzu 80 zimeuzwa. Ukijumlisha 34, 4 na 80 unapata 118, basi kanzu 2 hazionekani.

Sasa hukumu ya kila fungu ni nyepesi, kwa sababu iliandikwa. Kwa kanzu 80 mwenye duka anawiwa shilingi 2,000,000. Kwa 2 zisizoonekana analipa 50,000. Zile 4 zenye madoa angekuwa hana dhamana nazo lau zingeharibiwa na mafuriko, lakini amezitoa nje kinyume cha sharti, kwa hiyo analipa 100,000 na kanzu zinakuwa zake. Jumla ni 2,150,000. Alikwisha kupeleka 1,400,000 katika Ramadhani, basi anabakiwa na 750,000. Kanzu 34 zinarudi Kariakoo. Ujira wake katika zile 80 ni shilingi 400,000, na hakuna mwenye neno.

Hebu ondoeni karatasi katika mfano huu. Mwenye duka amekaa na zile kanzu 34 mpaka Dhulhija akitumaini zitatoka, kisha anazirudisha. Mwenye mali anakataa kuzipokea, kwa kuwa wateja wa Sikukuu wameshapita. Mwenye duka anadai kuwa alikuwa akimsaidia kuuza. Hakimu akiona kwamba huku kulikuwa ni kuuza au kurudisha na muda wa kiasi umepita, mwenye duka anawiwa shilingi 850,000 za kanzu ambazo hakuna anayezitaka, na ujira wake wote umezama ndani ya deni hilo.

Mali iliyo kwa mwenzio inahesabiwa na nani

Kosa la pili linatokea ndani ya madaftari. Wafanyabiashara wengi wa jumla, mzigo ukishatoka, huandika kuwa umeuzwa. Katika mfano wetu angeandika mauzo ya shilingi 3,000,000 na faida ya 840,000. Faida hiyo haipo. Baada ya hesabu, kanzu zilizolipiwa ni 86, na faida yake kwa 7,000 kila moja ni 602,000. Tofauti ya 238,000 ni faida ya kanzu 34 zilizorudi, nazo mahali pake ni katika hesabu ya ghala kwa bei iliyozigharimu, yaani 612,000. Aliyekwisha kuigawa ile faida ya uongo kwa washirika wake amewagawia mtaji.

Mwenye duka naye ana kosa lake. Akihesabu mali ya dukani mwisho wa mwaka hujumlisha na isiyokuwa yake, akajiona tajiri. Kanzu hizo na ziandikwe katika ukurasa wake peke yake, kwa idadi tu.

Jambo hili linagusa Zaka moja kwa moja. Tuseme mwaka wa Zaka wa yule mfanyabiashara wa Kariakoo unatimia tarehe 20 Ramadhani. Siku hiyo kanzu 45 zimeuzwa na 75 ziko rafuni Morogoro. Tumesikia watu wakisema kwamba zile 75 hazihesabu kwa kuwa hazipo ghalani kwake. Mwenye duka naye hazihesabu kwa kuwa si zake. Basi mali ya shilingi milioni moja na zaidi imelala katikati, na haki ya masikini imelala pamoja nayo. Wengine huenda upande wa pili, kila mmoja akaitolea Zaka mali ile ile.

Katika uwakala jibu halina utata. Kanzu 75 ni mali ya biashara ya aliyezipeleka, naye atazithamini kwa bei ya soko ya siku hiyo, si kwa bei aliyonunulia. Kwa 25,000 ni shilingi 1,875,000. Thamani ya zile 45 zilizouzwa, yaani 1,125,000, ni fedha yake popote ilipo, mkononi mwake au kwa wakala. Jumla ni 3,000,000. Ataichanganya na mali yake nyingine, na fungu la mzigo huu katika Zaka, kwa asilimia 2.5, ni shilingi 75,000. Mwenye duka atahesabu mali yake mwenyewe, pamoja na ujira alioupata.

Dalili za muamala unaooza

Mwenye mali asingoje ugomvi ndipo ajue kwamba mambo yameharibika. Dalili ya kwanza ni malipo yasiyo na hesabu. Kila kipande kina bei moja, kwa hiyo malipo hayana budi yagawanyike kwa bei hiyo. Mwenye duka anayeleta 300,000 leo na 170,000 wiki ijayo, bila ya kusema ni vipande vingapi, anapunguza deni na hawasilishi mauzo, kwani 170,000 haigawanyiki kwa 25,000. Yaelekea fedha ya kanzu imeshaingia katika sukari na mchele wa duka.

Dalili ya pili ni kuomba mzigo mpya kabla wa zamani haujahesabiwa. Mara nyingi mwenye kuomba hivyo anataka kuuza mali mpya alipe mauzo ya zamani aliyokwisha kuyatumia. Kanuni iliyo salama ni kwamba mzigo wa pili hautoki mpaka wa kwanza ufungwe kwa idadi: zilizopelekwa, toa zilizorudi, toa zilizo rafuni, zinazobaki ndizo zilizouzwa. Hesabu hiyo haihitaji msomi, inahitaji watu wawili kusimama mbele ya rafu moja.

Dalili ya tatu huonekana katika mali inayorudi. Ukiona kanzu isiyo na alama yako, au iliyovuliwa mfuko na kupigwa pasi upya, jua ama imebadilishwa ama imevaliwa. Ndiyo maana alama hutiwa kabla ya mzigo kutoka, na hesabu hufanywa dukani, si baada ya furushi kufika Kariakoo, ambapo kila mmoja atasema lake.

Mwenye mali naye ana wajibu. Wapo wanaochelewa makusudi kufuata mali yao siku ya mwisho, wakijua kwamba msimu umepita na kwamba kila siku inayopita inaisukuma hasara upande wa mwenye duka. Huko ni kula mali ya ndugu yako kwa batili hata kama mahakama itakupa haki. Mwenye duka akikuta mwenzake haji, na aandike taarifa siku hiyo hiyo mbele ya mashahidi wawili kwamba amehesabu, mali iko tayari, na haitaki. Taarifa hiyo inamkinga mbele ya sheria, kwa sababu kinachohamisha umiliki ni kukaa kimya mpaka muda ukapita.

Ndugu Waislamu, kabla ya mizigo ya msimu ujao kupakiwa, kaeni na wenye maduka yenu mwandike mistari michache: mali ni ya nani, ujira ni kiasi gani, siku ya mwisho ni ipi, na kilichoharibika au kisichoonekana kitakuwa juu ya nani. Anayeona haya kumwandikisha rafiki yake na akumbuke kwamba Aya ya kuandika iliteremshwa kwa waumini.